Mgahawa uko chini ya ardhi, maji machafu yanarudi: kupima mtego wa mafuta na shimo la pampu

Simu ninazopigiwa na wenye migahawa ya chini ya maghorofa huja karibu wakati uleule, kati ya saa saba na saa nane mchana. Wateja wamejaa, vyombo vinaoshwa mfululizo, na maji yenye ukoko wa mafuta yanachipuka kwenye tundu la sakafuni karibu na jiko. Wengine hupiga kwa sababu pampu imeungua tena, au kwa sababu harufu imefika kwenye meza za wateja.

Jiko lililo juu ya usawa wa barabara lina nafuu: maji yake machafu hushuka yenyewe mpaka kwenye chemba ya nje. Jiko la besimenti halina pa kushushia. Maji yake hukusanywa shimoni, kisha pampu huyapandisha. Njia inatakiwa iwe hivi: maji ya sinki na ya kuoshea sakafu ya jiko yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, kutoka hapo yaingie kwenye shimo la pampu, ndipo yapandishwe. Maji ya vyoo yaende moja kwa moja kwenye shimo la pampu na yasipite kabisa kwenye mtego. Mtego ukae kabla ya pampu, kamwe usiwe baada yake. Pampu ikishayakoroga mafuta na maji, mchanganyiko unakuwa kama maziwa, na mafuta ya namna hiyo hayaelei tena kwa wakati wa kuyakamata.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ukaguzi rahisi umetangulia ule wa kufumua vitu.

Kabla ya kuinua mfuniko

Mtu yeyote asiingie ndani ya shimo, hata kama ni dogo na anaona chini. Majitaka yaliyolala hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu kupotea ghafla si dalili kwamba hewa imekuwa safi. Mwenzako akianguka humo usimfuate. Piga kelele, ita zimamoto, peleka hewa kwa feni ukiwa nje. Wanaokufa kwenye mashimo haya mara nyingi ni wawili au watatu, kwa sababu wa pili alikuwa anamwokoa wa kwanza.

Jambo la pili linahusu gesi ya kupikia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini kuliko pote, ambapo katika besimenti ni shimo la pampu. Ukisikia harufu ya gesi ya kupikia usiguse swichi yoyote ya pampu, wala kuiwasha wala kuizima pale. Funga mitungi, toa watu, umeme ukatwe kutoka nje ya besimenti.

Kazi nyingine zote, isipokuwa kusikiliza, kupima kwa saa na kusukuma boya kwa fimbo, zifanywe pampu ikiwa imezimwa kwenye breka yake na breka imefungwa kwa kufuli au inalindwa na mtu.

Dalili: pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima

Hii ndiyo inayoua pampu nyingi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa kuwa maji bado yanaondoka. Mota hupata joto kubwa kila inapoanza kuzunguka. Ikianza mara 40 kwa saa, joto la mwanzo halijapoa na la pili limeingia. Kapasita huenda kwanza, kisha waya za ndani.

Sababu inayoongoza ni valvu ya kuzuia kurudi iliyokwama ikiwa wazi. Punje za wali, kipande cha mfupa wa kuku au tonge la samli lililoganda huikalia, isifunge. Pampu ikizima, maji yote yaliyomo kwenye bomba la kupandisha yanaanguka tena shimoni na kuliinua boya, ile swichi inayoelea na kuwasha pampu. Ukaguzi hauhitaji kifaa. Simama karibu na shimo, sikiliza pampu inapozima. Ukisikia maji yakiporomoka kwa sekunde kadhaa, na usawa wa shimo unapanda wakati hakuna bomba lililofunguliwa jikoni, umeipata. Funga geti valvu iliyo juu yake, fungua kifuniko cha valvu, safisha kikalio na kipande kinachocheza ndani. Kama geti valvu hiyo haikuwekwa, bomba zima litakumwagikia. Hapo subiri fundi bomba.

Sababu ya pili ni maboya kufungwa karibu mno, la kuwasha na la kuzimia. Mara nyingi aliyefunga pampu ameacha sentimita 10 tu kwa kuhofia shimo kujaa. Sababu ya tatu ni shimo lenyewe kuwa dogo kuliko pampu. Hizi mbili hazijulikani kwa macho, zinataka kipimo, na hapa nitachukua nafasi zaidi kwa sababu ndiko makosa makubwa yanakofanyika.

Nilikwenda kwenye mgahawa mmoja Kariakoo, chini ya jengo la maduka. Wanauza pilau, biriani, kuku wa kukaanga na chipsi, sahani kama 200 kwa siku, kwa saa 10. Mwenye mgahawa alinipokea mlangoni.

"Fundi, hii pampu ni ya tatu tangu nifungue. Wananiuzia feki?"

"Mama, kabla ya kulaumu pampu naomba nilipime shimo. Nipe dakika ishirini, na watu wasifungue maji."

Shimo lilikuwa la mraba, sentimita 80 kwa 80. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6.4. Nilisubiri maji yapande, nikawasha pampu kwa mkono na kushika saa. Maji yalishuka sentimita 30 kwa sekunde 48. Hiyo ni lita 192, sawa na lita 4 kwa sekunde. Huo ndio uwezo halisi wa pampu ikiwa imefungwa pale, wala si ule ulioandikwa kwenye boksi, kwa sababu wa boksi haujahesabu kimo cha kupandisha wala msuguano wa bomba.

Saa saba na nusu nikarudi kupima maji yanayoingia. Pampu ikazimwa kwa muda, nikatazama usawa ukipanda sentimita 10 kwa sekunde 32. Lita 64 kwa sekunde 32 ni lita 2 kwa sekunde.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalitegemei. Pampu haihangaiki sana maji yakiingia kidogo, kwa kuwa shimo huchelewa kujaa. Haihangaiki pia maji yakiingia mengi yanayokaribia uwezo wake, kwa kuwa huendelea kuzunguka bila kuzima. Kuwaka na kuzima kunazidi pale maji yanayoingia yanapokuwa nusu ya uwezo wa pampu. Kwa mama huyu ilikuwa lita 2 ndani na lita 4 nje, yaani nusu kamili, kila mchana. Kanuni ya ukubwa wa shimo imetoka kwenye hali hiyo:

```
V = 900 × Q / Z
```

V ni lita zinazotakiwa kati ya boya la kuwasha na la kuzimia, Q ni uwezo wa pampu kwa lita kwa sekunde, na Z ni idadi ya kuwaka inayoruhusiwa kwa saa. Idadi hiyo imo kwenye kitabu cha pampu. Ikikosekana, mimi hutumia 10 kwa pampu ndogo za majitaka.

Maboya yake yalikuwa na umbali wa sentimita 12, ambazo ni lita 77. Kwa lita 77 kanuni inasema pampu itawaka mara 47 kwa saa. Nilikaa na saa nikahesabu kwa robo saa, ikawaka mara 12. Kwa kuwaka mara 10 tu alihitaji lita 360, yaani sentimita 56 kati ya maboya. Na valvu yake ya kuzuia kurudi pia ilikuwa haifungi vizuri. Bomba lake ni la inchi 3, ambalo hubeba karibu lita 5 kila mita, na sehemu inayoweza kurudisha maji ina mita 9. Siku valvu ikigoma kabisa, lita 45 kati ya zile 77 zingerudi kila mara pampu inapozima.

Kutoka sakafu ya shimo mpaka bomba la kuingiza maji kulikuwa na sentimita 105. Maji hayatakiwi kushuka chini ya sentimita 35, ili mota ibaki imezama na ipoe. Sentimita 56 zingeweza kuingia: kuzima kwenye 35, kuwasha kwenye 91. Lakini nilimshauri njia nyingine, nayo ndiyo ninayoipendelea kwa migahawa yote ya besimenti: pampu mbili zinazopokezana. Zikipokezana, shimo linaweza kuwashwa mara 20 kwa saa na kila pampu ikawaka mara 10 tu. Hapo lita 180 zinatosha, sentimita 28. Tukaweka kuzima kwenye 35, kuwasha kwenye 63, pampu ya pili kusaidia kwenye 80, na kengele kwenye 90.

Kwa nini nisichimbe shimo kubwa nikamaliza? Wenye majengo hupenda wazo hilo, na wengine wamenitajia tangi la lita 5,000. Majitaka ya mgahawa yakilala muda mrefu huoza, na mafuta yaliyoponyoka mtego hupata utulivu wa kuganda juu. Usiku, maji yakiingia kwa kudondoka, shimo kubwa halifiki kwenye boya mpaka kesho mchana. Shimo linalosukumwa mara kwa mara, kwa pampu mbili, linabaki jipya na halinuki. Pia pampu moja ikifa mchana, mgahawa haufungwi.

Kuna kiwango cha chini kingine. Kila mara pampu inapowaka inatakiwa isukume maji mengi kuliko yaliyomo kwenye bomba la kupandisha, ili uchafu wa zamani utoke wote nje usibaki ukipanda na kushuka. Bomba lake lina lita 45 na sasa anasukuma 180, kwa hiyo yuko salama.

Ita fundi wa pampu kama umesafisha valvu na kusogeza maboya na bado inawaka zaidi ya kitabu kinavyoruhusu. Breka ikikatika mara mbili kwa siku moja, acha kuirudisha. Mota inayovujisha umeme ndani ya maji ni hatari kwa anayegusa mfuniko wa chuma.

Dalili: mtego umesafishwa wiki iliyopita, lakini shimo la pampu limejaa ukoko wa mafuta

Anza kwa kutazama mtego wenyewe. Ndani yake kuna ubao au bomba la umbo la T upande wa kutokea, ambalo huchota maji kutoka chini na kuyaacha mafuta juu. Anayesafisha huling'oa ili mkono upite, halafu hulisahau kwenye kona. Bila hilo, mtego ni boksi tu. Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta, na ninakikuta kimekosekana mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kinachofuata ni maji ya moto na sabuni. Mafuta hukamatwa yakiwa yamepoa na kuelea. Maji ya mashine ya kuoshea vyombo yanayozidi nyuzi 60 huyapitisha yakiwa yameyeyuka, nayo sabuni huyavunja kuwa matone madogo yasiyoelea upesi. Zile dawa zinazouzwa kwa maneno kwamba zinayeyusha mafuta kwenye mabomba hufanya kazi hiyohiyo: zinayatoa mtegoni na kuyapeleka kwenye shimo la pampu, ambako yanapoa na kuganda kwenye maboya. Nazikataza kabisa. Angalia pia mafuta ya aina gani yanatumika. Ya alizeti hubaki laini, ila samli, mafuta ya nyama na ya mawese huganda, na jiko la biriani lina mengi ya hayo.

Sababu ya tatu ni udogo wa mtego. Yule mama alikuwa na boksi la chuma chini ya sinki, la lita 90. Kwa maji ya lita 2 kwa sekunde, tone la mafuta lilikuwa na sekunde 45 tu za kuelea kabla ya kutoka upande wa pili.

Kujua ukubwa unaofaa, njia ya haraka ni ya sinki. Alikuwa na sinki tatu, kila moja sentimita 50 kwa 45 kwa 30, yaani lita 67.5. Jumla ni lita 202. Chukua robo tatu yake, kwa kuwa vyombo hujaza nafasi iliyobaki: lita 152. Zikiachiwa zote kwa dakika moja, mtego unatakiwa upokee lita 152 kwa dakika, ambazo ni lita 2.5 kwa sekunde.

Njia ya pili ni ya sahani za chakula, kwa kanuni ya Ulaya ya EN 1825. Mgahawa huhesabiwa lita 50 kwa kila mlo wa moto, na maji ya wakati wa msongamano huzidishwa kwa 8.5:

```
Qs = 200 × 50 × 8.5 / (3600 × 10) = 2.36 l/s
NS = 2.36 × 1.3 = 3.07
```

Qs ni maji ya wakati wa msongamano kwa lita kwa sekunde, NS ni namba ya ukubwa wa mtego, na hiyo 1.3 ni kwa ajili ya sabuni. Kama maji huja mtegoni yakizidi nyuzi 60, zidisha kwa 1.3 nyingine. Tulikubaliana mashine yake ya vyombo isizidi hapo, kwa hiyo tukabaki na 3.07. Mitego huuzwa kwa ukubwa uliopangwa, na baada ya NS 2 inayofuata ni NS 4. Kanuni hiyohiyo inataka sehemu ya kutenganishia iwe na lita 240 kwa kila NS, kwa hiyo lita 960, na mbele yake sehemu ya kukalisha mabaki ya lita 100 kwa kila NS, lita 400. Njia mbili zimekuja karibu karibu, lita 2.5 na lita 2.36, na hilo hunipa imani. Kwa lita 2 nilizopima mchana, maji sasa yatakaa dakika 8 badala ya sekunde 45.

Alishtuka kwa ukubwa. Lita 1,360 chini ya sakafu ya jiko dogo ni nafasi nyingi, na aliuliza kama angeweza kuweka maboksi mawili ya lita 90 yakifuatana. Haiwezekani, sekunde 90 bado si muda wa kutosha, na boksi la pili husahauliwa kusafishwa. Tulichopunguza ni mzigo. Sufuria na sahani zinakwanguliwa na kufutwa kabla ya kuguswa na maji, na mafuta ya kukaangia yanamwagwa kwenye madumu. Hilo halikupunguza ukubwa wa mtego, lakini lilirefusha siku kati ya usafi mmoja na mwingine.

Usafi nao upangwe kwa kijiti, siyo kwa kalenda. Chovya bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, ziba juu kwa kidole, inua. Utaona tabaka la mafuta juu, maji katikati, matope chini. Mafuta na matope yakifika pamoja robo ya kina, safisha. Kwenye mtego wenye maji ya sentimita 80, robo ni sentimita 20. Pima kila siku mbili kwa wiki chache za mwanzo na utajua jiko lako linachukua siku ngapi.

Mtego mkubwa wa chini ya sakafu usafishwe na gari la kunyonya majitaka na watu wenye vifaa. Mfanyakazi wa jikoni asishushwe humo na ndoo.

Dalili: pampu inaunguruma au iko kimya, na maji yanapanda

Kwanza funga bomba zote jikoni na zuia vyoo. Kwenye shimo lile la Kariakoo, kutoka boya la kuwasha mpaka bomba la kuingizia kuna sentimita 42, sawa na lita 269. Wakati wa msongamano hizo hujaa kwa dakika mbili na robo. Huo ndio muda mlionao, na ni vizuri kila mfanyakazi aujue kwa tarakimu.

Kama iko kimya, tazama umeme kabla ya yote. Umeme wa jengo ukikatika na jenereta kuwaka, taa za mgahawa hurudi na watu huendelea kuosha vyombo, kumbe laini ya pampu haikuunganishwa kwenye jenereta. Nimeliona hili kwenye majengo kadhaa. Jaribu siku ya utulivu: jenereta ikiwa inafanya kazi, inua boya kwa fimbo na usikilize.

Umeme ukiwepo, tazama boya. Mafuta yaliyoganda hulishika kwenye ukuta au huliongezea uzito likashindwa kupinduka. Lisukume kwa fimbo kavu ya mti. Pampu ikiwaka papo hapo, shida ni mafuta, rudi kwenye dalili iliyotangulia. Maboya yafungwe kwenye bomba lililosimama katikati, mbali na mahali maji yanapoangukia.

Kama inaunguruma bila kusukuma, zima mara moja. Kipangusio cha nyuzinyuzi, kitambaa cha kufutia meza au taulo ya hedhi imezunguka kwenye feni ya pampu, ama umeme una nguvu ndogo, ama kapasita imekufa. Pampu ya majitaka ivutwe juu kwa mnyororo wake. Kuivuta kwa waya wa umeme hufungua njia ya maji kuingia kwenye mota, na hiyo ni pampu nyingine umenunua.

Ikiwa feni inazunguka vizuri lakini maji yanatoka kidogo, pima tena kwa saa kama nilivyofanya. Kushuka kutoka lita 4 hadi lita 2 kunamaanisha bomba limejenga mafuta ndani au feni imelika. Hapa kuna fundi mmoja alibadilisha bomba la inchi 3 kuweka la inchi 4 ili maji yapate nafasi. Lita 4 kwenye inchi 3 hukimbia sentimita 80 kwa sekunde, na majitaka yanahitaji angalau sentimita 70 ili mchanga na mabaki yasilale. Kwenye inchi 4 mwendo ulishuka mpaka karibu sentimita 50, na bomba jipya likaziba ndani ya miezi michache. Usibadilishe kipenyo bila kubadilisha pampu.

Kupima umeme wenyewe, kufungua kisanduku cha kontakta na kubadilisha kapasita ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Dalili: harufu, ingawa kila kitu kinafanya kazi

Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la sakafuni lisilotumika sana. Mtego wa maji ulio chini yake hukauka na kuacha hewa ya shimo ipande. Harufu ikiisha baada ya saa moja, umemaliza kazi. Kisha kagua mpira wa kuziba kwenye mfuniko. Mwisho fuata bomba la kupumulia la shimo. Linatakiwa lifike juu ya paa likiwa peke yake, na nimekuta yakiishia ndani ya dari au yameunganishwa na bomba la moshi wa jiko. Harufu ikiwaumiza watu kichwa au macho, toa watu kwanza, halafu utafute chanzo.

Dalili: maji yanaingia wakati wa mvua, pampu ikiwa imezimwa

Hii huja masika, chemba ya barabarani ikifurika. Fungua mfuniko wa shimo mvua ikiwa kubwa na jikoni kukiwa kumefungwa. Maji yakipanda, yanatoka barabarani kupitia bomba lako la kupandisha. Valvu ya kuzuia kurudi ikiwa safi itayazuia kwa muda, ila punje moja ya wali inatosha kuiacha wazi, kwa hiyo haifai kutegemewa peke yake. Bomba la kupandisha linatakiwa lipande kwanza mpaka juu ya usawa wa barabara, lipinde, ndipo lishuke kwenye chemba. Maji ya barabarani hayawezi kuruka pindo hilo.

Mafundi wengi huliacha ili kuokoa mita mbili za bomba na kutoboa ukuta mara moja chini ya barabara. Kulirekebisha kunahitaji kutoboa zege la jengo, kwa hiyo mhandisi wa jengo na mwenye nyumba wahusishwe kabla nyundo haijaguswa. Ukingoja kazi hiyo, funga geti valvu ya bomba la kupandisha mvua ikianza kuwa kubwa, zima pampu kwenye breka ili isisukume kwenye bomba lililofungwa, na usimamishe uoshaji na vyoo mpaka chemba ya nje ishuke.